Uzi Mwekundu na Ahadi ya Upande Mmoja: Uhakiki wa Ubao wa Utegemezi katika Upangaji wa Pamoja wa Timu Nyingi

Ikisiri

Makala hii inahakiki ubao wa utegemezi unaotumiwa katika tukio la upangaji wa pamoja chini ya mfumo wa SAFe, ambapo timu kadhaa za watengenezaji wa programu za kompyuta hukutana kwa siku mbili na kuunganisha kazi zao kwa nyuzi nyekundu. Hoja kuu ni kwamba ubao huo huonyesha kwa ufasaha nani anamhitaji nani na lini, lakini hauonyeshi iwapo anayehitajiwa ameipokea kazi hiyo katika mpango wake. Kwa sababu hiyo, dai la upande mmoja husomwa na hadhira kama makubaliano ya pande mbili. Hoja inajengwa kwa mfano mmoja wa kubuni wenye nyuzi tatu, kisha inapendekezwa namna ya kuusoma ubao ili pengo hilo lionekane kabla ya tukio kufungwa.

1.0 Utangulizi

Kazi ya timu moja ya programu hupangika kwa urahisi pale timu hiyo inapomiliki kila kitu inachokihitaji. Ugumu huanza pale timu ya kwanza inaposubiri huduma kutoka timu ya pili, na timu ya pili nayo ikisubiri mazingira ya majaribio kutoka timu ya tatu. Kusubiri kwa namna hiyo ndiko kunakoitwa utegemezi. Utegemezi usiojulikana mapema hugunduliwa siku ambayo kazi ilipaswa kukamilika, na siku hiyo hakuna tena nafasi ya kupanga upya.

SAFe, mfumo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011 na kuhusishwa zaidi na Dean Leffingwell, ulilijibu tatizo hili kwa kuzikusanya timu zote katika tukio moja. Kundi la timu zinazotoa bidhaa kwa pamoja huitwa treni, na kwa kawaida huwa na watu 50 hadi 125. Treni hupanga kazi ya kipindi cha wiki 8 hadi 12. Kipindi hicho hujulikana kwa herufi PI, ambazo awali zilimaanisha nyongeza ya programu, na tangu toleo la 6.0 la mwaka 2023 zinamaanisha kipindi cha upangaji. Mwisho wa siku ya pili, mojawapo ya mazao makuu ya tukio ni ubao mmoja wa pamoja wenye kazi zilizounganishwa.

Ubao huo umesifiwa kwa kuufanya utegemezi uonekane. Sifa hiyo ni ya haki, na makala hii haiipingi. Kinachohojiwa hapa ni kile hasa kinachoonekana. Je, uzi unaounganisha kadi mbili ni ahadi, au ni ombi lililopewa sura ya ahadi? Swali hili lina uzito wa kivitendo, kwani viongozi wa biashara huondoka ukumbini wakiwa wameusoma ubao kama mkataba, na kwa msingi huo huwaahidi wateja tarehe.

2.0 Kanuni za Kuuandika na Kuusoma Ubao

Ubao ni jedwali. Kila timu ina safu yake ya mlalo, na kila mzunguko wa kazi, ambao mara nyingi ni wa wiki mbili, una safu yake ya wima. Mzunguko wa mwisho wa kipindi hutengwa kwa ubunifu na upangaji, na haupaswi kujazwa vipengele vya bidhaa. Kwa desturi, kadi ya buluu huwakilisha kipengele na hubandikwa katika safu ya timu inayokikamilisha, chini ya mzunguko ambao kitakamilika. Kadi ya rangi ya chungwa huonyesha tarehe muhimu, kama vile maonyesho ya biashara au siku ya kuanza kutumika kwa sheria. Kadi nyekundu huwakilisha utegemezi mkubwa. Hubandikwa katika safu ya timu inayotoa huduma, chini ya mzunguko ambao huduma hiyo inapaswa kuwa tayari. Kisha uzi mwekundu hufungwa kutoka kadi hiyo hadi kwenye kadi ya buluu inayoisubiri.

Kanuni ya kuusoma ni nyepesi. Uzi unaotoka kwa mtoaji aliye kushoto kwenda kwa mhitaji aliye kulia ni salama kwa mpangilio wa wakati, kwa kuwa kitu hutolewa kabla ya kuhitajiwa. Uzi uliosimama wima, yaani wenye ncha zote mbili katika mzunguko mmoja, ni wa hatari, kwa sababu hauachi muda wa kuunganisha na kujaribu. Uzi unaorudi nyuma, ambapo mtoaji yuko kulia kwa mhitaji, ni kosa la wazi ambalo lazima lirekebishwe kabla ya tukio kwisha.

Kutokana na kanuni hizi inadhihirika kwamba ubao ni chombo cha kukagua wakati. Hukagua mfuatano, na hufanya hivyo vizuri kiasi kwamba mtu aliyesimama hatua tano kutoka ukutani anaweza kuona mahali palipokosewa. Hata hivyo, nguvu hiyo ndiyo inayozaa udhaifu unaojadiliwa hapa. Uzi uliokaa vizuri kwa wakati huonekana umekaa vizuri kwa kila kitu kingine. Hadhira ikishajifunza kutafuta nyuzi zinazorudi nyuma, hukoma kuzihoji zile zinazokwenda mbele.

3.0 Uchambuzi wa Mfano: Nyuzi Tatu Zilizonyooka

Ili kuidhihirisha hoja hii, uchukuliwe mfano wa kubuni wa treni ya taasisi ya fedha. Kipindi kina mizunguko mitano ya wiki mbili mbili, na wa tano ni ule wa ubunifu na upangaji. Timu ya Mikopo inataka kukamilisha kipengele cha mkopo wa papo kwa papo kupitia simu mwishoni mwa mzunguko wa 4. Ili kufanya hivyo inahitaji mambo matatu. Timu ya Utambulisho itoe huduma ya kuhakiki kitambulisho cha mteja katika mzunguko wa 2. Timu ya Jukwaa itoe mazingira ya majaribio yenye data ya kutosha, pia katika mzunguko wa 2. Timu ya Malipo itoe huduma ya kuhamisha fedha katika mzunguko wa 3. Kadi tatu nyekundu zinabandikwa na nyuzi tatu zinafungwa. Zote zinatoka kushoto kwenda kulia. Kwa kanuni za ubao, hakuna kosa.

Uzi wa kwanza una kasoro ya maana. Timu ya Mikopo ilipoandika „huduma ya kuhakiki kitambulisho” ilikusudia huduma inayorudisha jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu umri wa mteja unaingia katika ukokotoaji wa mkopo. Timu ya Utambulisho ilipolisoma neno hilo hilo ilielewa huduma inayojibu ndiyo au hapana: kitambulisho kinalingana au hakilingani. Kila upande umesema kweli, na kila upande utatimiza ilichokielewa. Mwishoni mwa mzunguko wa 2 Timu ya Utambulisho itatangaza kwamba imemaliza, na kadi itawekwa alama ya kukamilika. Kasoro itajitokeza katika mzunguko wa 3, siku ambayo Timu ya Mikopo itaanza kuunganisha. Wakati huo Timu ya Utambulisho itakuwa imeshahamia kazi nyingine.

Uzi wa pili, ule wa mazingira ya majaribio, una kasoro ya sharti. Msemaji wa Timu ya Jukwaa alipoulizwa alijibu kwamba mazingira yatakuwa tayari, ikiwa seva zilizoagizwa zitafika kabla ya mzunguko wa 2 kuanza. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili, lakini kadi ilipokea sehemu moja tu. Neno „ikiwa” lilibaki hewani ukumbini. Ubao hauna alama ya kulibeba, kwa kuwa uzi wenye sharti na uzi usio na sharti hufungwa kwa namna moja na kwa rangi moja.

Uzi wa tatu una kasoro ya uwezo, na ndio unaostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa kasoro yake haiwezi kugunduliwa kwa kuuangalia wenyewe. Timu ya Malipo ina uwezo wa pointi 36 kwa mzunguko mmoja. Katika mzunguko wa 3 nyuzi nne zinaishia katika safu yake, moja kutoka Timu ya Mikopo na tatu kutoka timu nyingine. Kazi zilizo nyuma ya nyuzi hizo zinakadiriwa kuwa pointi 13, 8, 13 na 8, yaani jumla ya 42. Timu ya Malipo ina pia kazi yake yenyewe ya pointi 10 ambayo haiwezi kuahirishwa. Mzigo wote ni pointi 52 dhidi ya uwezo wa 36. Hakuna timu hata moja kati ya nne zilizoomba iliyotenda kosa. Kila moja ilikwenda kwa Timu ya Malipo kwa wakati wake, ikaeleza haja yake, ikajibiwa kwamba jambo hilo linawezekana. Kila jibu lilikuwa sahihi likitazamwa peke yake. Ni majibu manne kwa pamoja ndiyo yasiyowezekana.

Ubao unaonyesha kwamba nyuzi nne zimekutana mahali pamoja, na msomaji mzoefu atashtuka. Lakini kadi nyekundu haina ukubwa. Kadi nne ndogo za pointi 2 kila moja zingeonekana ukutani sawasawa na kadi hizi nne. Takwimu za uwezo zipo, ila zimo katika karatasi ya mpango ya timu yenyewe, iliyobandikwa mbali na ubao. Jedwali la wakati na jedwali la uwezo ni hati mbili zisizosomwa pamoja.

Athari ya kasoro hizi hujikusanya. Ichukuliwe kwamba kila uzi kati ya hizo tatu una uwezekano wa asilimia 80 wa kutimizwa kwa wakati, na kwamba kutimizwa kwa mmoja hakutegemei mwingine. Uwezekano wa zote tatu kutimizwa ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani takribani asilimia 51. Kipengele ambacho kila mshiriki anakiona kuwa karibu na uhakika kimekuwa sawa na kurusha sarafu, hata kabla ya kuhesabu hatari iliyomo ndani ya kazi ya Timu ya Mikopo yenyewe. Nyuzi zinapotegemea chanzo kimoja hesabu hubadilika, lakini funzo linabaki pale pale: ubao huonyesha nyuzi tatu nzuri, na jicho huzihesabu kama mambo matatu mazuri badala ya masharti matatu yanayopaswa kutimia kwa pamoja.

4.0 Dai na Ahadi

Kasoro hizo tatu zina shina moja. Uzi hufungwa na anayehitaji. Ni yeye mwenye haraka, ni yeye anayezunguka ukumbini na kadi mkononi, na ni yeye anayetaka kipengele chake kionekane kimekamilika katika mpango. Anayetoa hushiriki kwa kukubali kwa mdomo, na mara nyingine kwa kunyamaza. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini deni huwa la mtu aliyeahidi, wala si la mtu ambaye jina lake limeandikwa na mwingine katika daftari la madeni.

Upo utetezi wa kuheshimiwa dhidi ya hoja hii. Watetezi wa ubao husema kwamba uzi haukusudiwi kuwa mkataba, bali kumbukumbu ya mazungumzo yaliyofanyika ana kwa ana, na kwamba thamani halisi ya tukio imo katika mazungumzo hayo. Utetezi huu una ukweli. Timu zilizokaa katika ukumbi mmoja hutatua kwa dakika kumi mambo ambayo kwa barua pepe yangechukua wiki. Hata hivyo, utetezi huu hautoshi, kwa sababu wasomaji wa ubao si wale tu waliozungumza. Mkurugenzi anayeupitia ubao jioni ya siku ya pili hakuyasikia mazungumzo. Mtengenezaji aliyejiunga na timu wiki tatu baadaye hakuyasikia pia. Kwao, kilichobaki ni uzi. Kumbukumbu isiyohifadhi sharti, maana wala ukubwa wa jambo huhifadhi lile tu lililomfaa mwombaji.

Ratiba ya tukio yenyewe ina hatua zinazoweza kuziba pengo hili. Siku ya kwanza kila timu huwasilisha rasimu ya mpango wake mbele ya wote, na jioni wasimamizi hukutana kutatua migongano. Siku ya pili hatari hupangwa katika makundi manne: zilizotatuliwa, zilizopata mwenyewe, zilizokubaliwa na zilizopunguzwa. Mwishowe kila mshiriki hupiga kura ya imani kwa kuonyesha vidole, kimoja hadi vitano. Wastani ukifika vidole vitatu, mpango hukubaliwa. Kwa mujibu wa mwongozo, anayeonyesha vidole viwili au pungufu hupewa nafasi ya kueleza wasiwasi wake.

Lakini kura ya treni huulizwa juu ya mpango mzima, na hapo ndipo inapokosa shabaha. Katika mfano uliotolewa, tuseme wastani wa timu nne ni 4 na wa Timu ya Malipo ni 2. Kwa timu zenye idadi sawa ya watu, wastani wa treni ni 3.6, na mpango unapita. Timu nne zilizopiga 4 ndizo zilizoomba. Imani yao kubwa imejengwa juu ya kazi ya timu ya tano, ambayo peke yake inajua kwamba haitaweza. Katika mtandao wa utegemezi, kura ya mtoaji ina uzito kuliko kura ya mhitaji, na wastani huzifanya kuwa sawa. Kupewa nafasi ya kueleza husaidia, ila maelezo hayo huja saa ya mwisho, wakati mikoba imeshafungwa na kila mmoja anatamani jambo liishe.

5.0 Ubao wa Kidijiti

Ingedhaniwa kwamba kuuhamishia ubao katika programu ya kompyuta kungeondoa kasoro hizi. Hakika zipo zilizopungua. Uzi wa kidijiti haukatiki, husomwa na timu zilizo katika miji tofauti, na huhuishwa kazi inapohamishwa kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Katika Azure DevOps, mwonekano uitwao Delivery Plans hubadilisha rangi ya mstari kuwa nyekundu pale tarehe za kazi mbili zilizounganishwa zinapogongana. Ukaguzi wa wakati uliofanywa kwa jicho sasa hufanywa na programu.

Hata hivyo, muundo wa kiungo chenyewe haukubadilika. Katika Jira, kazi mbili huunganishwa kwa kiungo cha aina ya `blocks`, ambacho kwa upande wa pili husomeka `is blocked by`. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuunganisha anaweza kukiweka, na papo hapo kiungo huonekana katika kazi zote mbili. Hakuna hatua ambamo mwenye kazi ya upande wa pili huulizwa kama anakubali. Msimamizi anayetaka kuorodhesha kazi zote zinazosubiri anaweza kuandika ulizo kama hili:

```
issueLinkType = "is blocked by" AND statusCategory != Done ORDER BY duedate
```

Ulizo hili litamrudishia kazi zilizozuiwa na ambazo hazijakamilika, zikifuatana kwa tarehe. Halitamwambia ni zuio lipi lililokubaliwa na lipi lililobandikwa tu, kwa kuwa tofauti hiyo haimo katika kiungo. Inaweza kuongezwa kwa kuunda sehemu maalumu ya kujazwa, lakini lazima mtu aamue kuiunda. Kidijiti kimeongeza pia udhaifu mpya: kufunga uzi ukutani kulimlazimu mwombaji kutembea hadi kwenye safu ya timu nyingine, na mara nyingi kukutana na watu wake pale. Kiungo cha kidijiti huwekwa bila kuinuka kitini.

6.0 Wingi wa Nyuzi kama Dalili

Uhakiki wa ubao hauwezi kuishia katika uzi mmoja mmoja. Ubao uliojaa nyuzi husomwa na wengi kama ushahidi wa bidii: timu zimefanya kazi yao na kuufichua utegemezi wote. Usomaji wa pili unawezekana, na una msingi wa zamani zaidi. Mwaka 1968 Melvin Conway alitoa hoja kwamba taasisi zinazobuni mifumo hulazimika kutoa mifumo inayofanana na muundo wa mawasiliano yao. Hoja hiyo ikikubaliwa, uzi mwekundu ni mahali ambapo mpaka wa timu umekatiza kitu ambacho mteja anakiona kuwa kimoja. Mteja anaomba mkopo. Taasisi imeugawa mkopo huo kati ya timu nne.

Craig Larman na Bas Vodde, waanzilishi wa mfumo wa LeSS, wamelisisitiza jambo hili kwa kutetea timu za kipengele, yaani timu zinazoweza kukamilisha haja ya mteja kuanzia mwanzo hadi mwisho, dhidi ya timu za sehemu, ambazo kila moja humiliki kipande cha mfumo. Kwa mtazamo huo, kuusimamia utegemezi kwa ustadi ni kuufanya uvumilike, na jambo linalovumilika halirekebishwi. Ukosoaji huu ni mkali kuliko inavyostahili katika hali fulani. Upo utaalamu ambao taasisi ina watu wawili au watatu tu wenye kuujua, na zipo huduma ambazo kwa sababu za usalama au za kisheria hazifai kuguswa na kila timu. Utegemezi wa aina hiyo utaendelea kuwepo hata mipaka ichorwe upya mara ngapi.

Ubao wenyewe unaweza kusaidia kuzitofautisha hali hizi mbili, ila si ubao mmoja. Picha za mbao za vipindi vitatu vinavyofuatana zikiwekwa pamoja, nyuzi hugawanyika. Nyingine zimejitokeza mara moja na kupotea. Hizo zilitokana na kazi ya kipindi husika na zilistahili kuratibiwa tu. Nyingine zimerudi mara tatu kati ya timu zile zile, zikibeba vitu vya aina moja. Hizo hazitokani na mpango, zinatokana na mpaka. Katika mfano uliochambuliwa, ikiwa Timu ya Malipo imepokea nyuzi nne katika kila kipindi, swali sahihi si namna ya kuzipanga vizuri zaidi, bali ni kwa nini timu nne haziwezi kuhamisha fedha bila kuiomba ya tano. Desturi ya kuubomoa ubao baada ya kila kipindi na kuanza na ukuta mtupu hufuta ushahidi huo.

7.0 Pendekezo la Usomaji

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, yanapendekezwa mambo mawili yasiyohitaji chombo kipya.

La kwanza ni kipimo kinachoweza kufanyika kati ya rasimu ya siku ya kwanza na mpango wa mwisho wa siku ya pili. Kwa kila kadi nyekundu, mpango wa mzunguko wa timu inayotoa ukaguliwe ili kuona kama una kazi inayolingana nayo, yenye makadirio, ndani ya uwezo wa mzunguko huo. Uzi usio na kazi kwenye ncha yake ya mtoaji ufunguliwe, au ugeuzwe rangi, ili hadhira ione kwamba ni ombi. Kipimo hiki kingeufichua mzigo wa Timu ya Malipo mara moja, kwa kuwa pointi 52 haziingii katika ukurasa wa pointi 36. Ishara ya awali huonekana hata kabla ya ukaguzi: msemaji wa timu inayotoa anapowasilisha rasimu yake bila kuutaja uzi ambao timu nyingine imeutaja, karibu kila mara kazi hiyo haimo katika mpango wake.

La pili ni kuifanya kadi nyekundu ibebe mambo manne: namna ambavyo mhitaji atakijaribu kitu atakachopewa, makadirio ya mtoaji, sharti kama lipo, na siku ya jaribio la kwanza la pamoja, ambayo itangulie siku ya makabidhiano. Iandikwe na mtoaji mbele ya mhitaji. Jaribio la mapema ndilo lingeifichua kasoro ya uzi wa Timu ya Utambulisho, kwani hata jibu la mfano lililoandikwa kwa mkono lingeonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa haimo.

Pendekezo hili lina gharama. Kadi moja ikichukua dakika tano na ubao ukawa na nyuzi 40, dakika 200 zinahitajika, na timu inayotegemewa na wengi ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya muda huo. Kwa hiyo utaratibu kamili utumike kwa nyuzi ambazo kukatika kwake kunaangusha lengo ambalo treni imejifunga kulitimiza. SAFe tayari hutofautisha malengo yaliyofungwa na yale yasiyofungwa. Kipengele kinachoning'inia kwenye uzi wenye sharti lisilo mikononi mwa treni, kama lile la seva, kingepaswa kuwa katika kundi la pili hadi sharti litimie. Aidha, utaratibu huu hauzuii mtoaji kukosea makadirio. Huondoa kosa la kuamini kwamba makadirio yalifanyika.

8.0 Hitimisho

Ubao wa utegemezi umefanikiwa katika lile uliloundiwa, yaani kuufanya mfuatano wa kazi za timu nyingi usomeke mahali pamoja na watu wote kwa wakati mmoja. Uhakiki huu umeonyesha kwamba mafanikio hayo hukomea kwenye wakati. Maana ya kinachotolewa, sharti lake na uwezo wa anayekitoa hubaki nje ya alama za ubao, na zana za kidijiti zimeurithi mpaka huo pamoja na nyuzi zenyewe. Katika mfano wa Timu ya Mikopo, nyuzi tatu zilizonyooka ziliukabidhi uongozi tarehe ambayo Timu ya Malipo haikuwa na pointi za kuitimiza. Kama uzi ule ungefungwa na mkono wa Timu ya Malipo, baada ya kuangalia ukurasa wake wa mzunguko wa 3, mbili kati ya nyuzi nne zingehamia mzunguko wa 4 siku ile ile ya pili. Huenda mojawapo ingekuwa ile ya Timu ya Mikopo. Kipengele chake kingekosa nafasi katika kipindi hicho, na mteja angeambiwa hivyo takribani wiki nane mapema.